Usiku mwema wa saa kumi na mbili jioni

Kwa wiki sita nilikuwa naagwa "usiku mwema" na mpenzi wangu kwa simu jua likiwa bado halijazama, na sikuona ajabu yoyote. Nilikuwa najibu "na wewe pia, ulale salama," halafu naweka simu chini na kuendelea na shughuli zangu, jioni nzima ikiwa bado iko mbele yangu.

Aliyeliona jambo hilo ni dada yangu mkubwa. Alikuwa amekaa nami sebuleni simu ilipoita, akanisikia nikizungumza, akanisikia nikiaga. Akaangalia dirishani, akaniangalia mimi. "Huyo bwana analala na kuku?"

Tulicheka. Lakini tangu siku hiyo akawa anamwita Bwana Saa Kumi na Mbili, na jina la utani likishakaa, ukweli unaanza kulizoea.

Nianze na uzuri wake, maana bila huo hamtaelewa kwa nini mtu mwenye akili zake timamu hakuhesabu mpaka wiki ya sita. Tulikutana kwenye semina ya kazi. Alikuwa mtu wa kusikiliza. Ukimwambia Jumatatu kwamba una kikao kigumu Alhamisi, Alhamisi asubuhi anakupigia kabla hujaingia. Hakusahau jina la mtu hata mmoja niliyemtaja. Alikuja kwangu mara tisa hivi, kila mara mchana wa siku ya kazi au jioni moja kwa moja akitoka ofisini, na kila alipokuja alikuja na utulivu wa mtu aliyefika nyumbani. Hakunifichia simu yake chini ya mto wala kutoka nje kwenda kupokea. Ishara zile za mtu aliyeoa tunazofundishana, alama ya pete kidoleni, simu iliyogeuzwa uso chini, fundi bomba anayepiga saa nne usiku, hazikuwepo. Nadhani mtu aliyezoea jambo hili hujifunza kwanza kuzifuta zile ambazo kila mtu anazijua.

Asizoweza kuzifuta ni saa. Mtu mwenye nyumba hana saa zake mwenyewe, ana zile zinazobaki. Akikupa, anakupa mabaki, na mabaki yana umbo.

Siku mbili baada ya utani wa dada nilichukua daftari. Simu yenyewe inatunza kumbukumbu ya kila aliyekupigia, siku, saa na muda mliozungumza, kwa hiyo sikuhitaji kupekua cha mtu mwingine yeyote. Nilichora safu nne: siku, saa, nani alipiga, dakika ngapi. Nikaongeza ya tano ambayo simu haiitunzi ila masikio yangu yaliikumbuka: alikuwa wapi.

Siku 42, simu 96. Yeye alipiga 88, mimi 8. Hapo nilijisikia vizuri kidogo, nikajiambia kwamba huyu mtu ananifuatilia kweli. Kisha nikaanza kuzipanga. Katika zile 88, simu 76 ziliingia kwenye vipindi vitatu tu vya siku za kazi: kati ya saa moja na nusu na saa mbili asubuhi, saa saba mchana hadi saa nane, na kuanzia saa kumi na moja na dakika kumi jioni hadi kwenye kumi na mbili. Ile safu ya tano ilikuwa na neno moja linalojirudia asubuhi na jioni: gari, gari, gari. Mazungumzo ya jioni yalikuwa marefu, dakika 30 na zaidi, na yalikuwa matamu, na yote yaliishia palepale. Nilikuwa nasikia gari likipunguza mwendo, geti likifunguliwa, injini ikizimwa. Kisha "haya mpenzi, usiku mwema." Gari likizima, penzi nalo linazimwa.

Wikiendi sita zilikuwa na simu 7, hakuna iliyozidi dakika nne. Na usiku, baada ya saa moja, zilikuwa 5.

Hizo tano ndizo zilizonikalisha chini. Moja ilikuwa ya dakika mbili, anaongea kwa sauti ya chini, eti ametoka kupunga upepo. Nne zilizobaki ziliingia zote katika wiki moja, Jumatatu hadi Alhamisi, alipokuwa safarini kikazi. Wiki ile alinipigia saa nne usiku akiwa amelala chali kitandani hotelini. Alipiga kwa video, akanionyesha chumba na mandhari ya dirishani, tukazungumza hadi saa sita. Nakumbuka niliwaza kwamba safari imemfanya anikumbuke zaidi. Kwenye daftari ilionekana kitu kingine kabisa. Mtu anayeishi peke yake akisafiri, simu zake kwa kawaida hupungua au hubaki zilivyo, maana ana vikao, ana wenyeji, ana uchovu. Huyu kwake ana shughuli nyingi kuliko ugenini. Kwa siku nne alikuwa mseja, kisha akarudi nyumbani.

Kuna jambo la tiki pia, na naomba nilieleze taratibu kwa sababu watu wengi wanalisoma vibaya. Kwenye WhatsApp tiki moja maana yake ujumbe umetoka kwako lakini haujafika kwenye simu yake, mara nyingi kwa sababu imezimwa au haina mtandao. Tiki mbili za kijivu ni kwamba umefika. Za bluu ni kwamba umesomwa, lakini mtu anaweza kuiondoa hiyo bluu kwenye mipangilio yake, kwa hiyo kijivu hakithibitishi kwamba hajausoma. Vivyo hivyo na ile saa ya kuonekana mara ya mwisho. Anaweza kuificha, hata kwako peke yako. Kwa hiyo achana na bluu, usikeshe ukiisubiri. Inayosema kitu ni ile moja.

Ujumbe wangu wa Ijumaa jioni ulikuwa unakaa na tiki moja. Wa Jumamosi asubuhi, moja. Halafu Jumamosi kwenye saa tano hivi, zote kwa mpigo zinapata tiki ya pili, na dakika mbili baadaye simu yangu inaita. Tunaongea dakika tatu. Kisha ninachotuma kinabaki na tiki moja mpaka Jumatatu saa moja na nusu. Yaani simu ile ilikuwa inawashwa, inafanya kazi moja, inazimwa. Mtu aliyeniambia kwamba wikiendi ofisi inampigia mfululizo mpaka anachoka, alikuwa anachoshwa kwenye simu nyingine. Namba niliyopewa mimi ilikuwa haiingii ndani ya nyumba.

Na zile simu 8 nilizopiga mimi? Sita hazikupokelewa, zote za jioni au wikiendi. Kila nilipouliza alijibu vilevile: "Nilikuwa nimeiacha kwenye gari." Katika yote aliyowahi kuniambia, nadhani hilo lilikuwa kweli tupu.

Sasa suala la kwake. Sikuwahi kufika. Hapa lazima niwe mwangalifu, kwa sababu wapo watu wengi wasiokaribisha wageni na hawana mke wala mume. Anayeishi na wazazi akiwa na umri mkubwa huona haya. Anayeuguza mtu nyumbani hataki macho ya wageni. Wengine chumba chao hakifanani na mavazi yao. Kutokualikwa peke yake hakusemi mengi.

Kinachosema ni sababu zenyewe, ukiziweka pamoja. Wiki za kwanza alisema nyumba inakarabatiwa, vumbi kila mahali, hata kulala ni tabu. Wiki ya nne akasema binamu yake amehamia kwa muda na familia yake, nyumba imejaa. Wiki ya tano ikawa kwamba ni mbali, nitachoka bure, yeye ndiye mwanaume na ndiye anayepaswa kuja. Kila moja, siku ile iliposemwa, ilikuwa na akili. Lakini hazikuwa zikijuana. Nyumba isiyolalika imelaza familia ya binamu. Nyumba ya mbali, na kila jioni gari lilizimwa chini ya dakika 50 baada ya kutoka ofisini. Mtu mwenye sababu ya kweli hurudia ileile mpaka unaichoka, na inaendelea mbele: leo fundi ameweka vigae, kesho rangi, juma lijalo amemaliza. Ukarabati wa huyu haukuwahi kupiga hatua, uliachwa tu, ukapokewa na binamu.

Rafiki yangu mmoja alinipinga vikali nilipomsimulia, na alikuwa na haki. Mume wake wa sasa ni muuguzi. Walipokuwa wachumba alikuwa anapotea usiku mzima, anapiga alfajiri, Jumapili yupo Jumapili nyingine hayupo. "Kwa daftari lako," aliniambia, "ungemwacha mume wangu."

Tulikaa tukalichambua, na nilichojifunza kwake kimenisaidia kuliko daftari. Saa za muuguzi zilikuwa za ajabu lakini zilikuwa zinahama. Wiki hii zamu ya usiku, wiki ijayo mchana, na aliijua ratiba mapema, akamwambia mapema: Jumanne usinitafute, niko kazini hadi asubuhi. Tena ukimya wake ulikuwa unaweza kuvunjwa. Siku rafiki yangu alipopata ajali ndogo usiku alipiga, simu ikapokelewa na mfanyakazi mwenzake, akasema, "Ah, shemeji, subiri nimwite." Neno hilo shemeji lilibeba ushahidi mkubwa kuliko mwezi mzima wa simu za jioni. Kulikuwa na watu wanaojua kwamba yupo.

Kazi ina zamu, na zamu huzunguka. Nyumba haizunguki. Bwana wangu, saa zake zilikaa mahali pamoja kama misumari: Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, kila sikukuu, kila jioni baada ya geti. Na hakuna hata mtu mmoja upande wake aliyewahi kusikia sauti yangu. Wiki sita, mtu mwenye marafiki, kaka na wafanyakazi wenzake anaowasimulia kila siku, na sijawahi kuitwa shemeji na yeyote. Nilijua majina yao wote. Wao hawakujua langu.

Hata hivyo daftari lina kikomo chake, na nilikijua nilipolifunga. Lilinionyesha kwamba nyumbani kwake kuna mtu au watu ambao hawapaswi kunisikia. Halikunionyesha ni nani. Mke, mchumba, mama mtoto, mama mzazi mkali, vyote hivyo vingeweza kuchora umbo lile. Ukimfuata mtu na daftari mkononi, ukamwambia "nimekupima, una mke," atakujibu kuhusu daftari. Mtaongea saa nzima kuhusu jinsi usivyomwamini, na swali litabaki lilivyo.

Nilikuwa nimeshauliza mara moja, wiki ya pili, kwa kuzungukazunguka kama tunavyofanya. Nilisema, "Mtu kama wewe, hujaoa kweli?" Akacheka, akasema, "Sasa ningekuwa na mke ningekuwa hapa na wewe?" Niliridhika. Rudia jibu hilo polepole. Hakuna "hapana" ndani yake. Swali limejibiwa kwa swali, na mimi ndiye niliyejijibia.

Safari hii nilifanya mambo mawili, yote ya kawaida kabisa, hakuna mtego. La kwanza niliomba kitu kidogo: Jumamosi ijayo saa mbili usiku nipigie kwa video tukae nusu saa, nataka nikuone ukiwa umetulia kwako. Nilimwambia Jumatatu, ili awe na siku tano. Sikuchagua mtihani mgumu kwa makusudi. Kitu ambacho mtu aliye peke yake angekitoa bila kufikiri, kikishindikana kwa anayetaja mapenzi kila siku, kinahitaji maelezo. Alisema sawa. Jumamosi tiki moja. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi akaeleza kwamba umeme ulikatika. Nikamuuliza umerudi saa ngapi, akasema jana. Sikubishana.

La pili niliuliza ana kwa ana, alipokuja Jumatano mchana. Nililiandaa swali, kwa sababu nilishaona kwamba mtu hujibu swali jembamba kwa ukweli mwembamba. Ukiuliza "una mke?" anaweza kusema hapana moyoni akimaanisha kwamba huyo hamhesabu tena. Kwa hiyo niliuliza hivi: "Kuna mwanamke yeyote unayeishi naye nyumba moja, au uliyefunga naye ndoa ambayo haijavunjwa kisheria?" Nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu. Ulimi wangu ulikuwa unawasha kumsaidia, kumpa njia ya kutokea.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Tumetengana."

Neno hili ni pana sana, na naona wengi wetu huwa tunakaa ndani yake miaka. Niliuliza maswali matatu tu. Mnalala nyumba moja? Ndiyo, lakini vyumba tofauti, kwa ajili ya watoto. Kesi ya talaka ipo mahakamani? Bado, wanasubiri mtoto mdogo akue. La tatu: yeye anajua kwamba mmetengana?

Hapo aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa lugha asiyoijua.

Naamini swali hilo la tatu linatosha hata kama la kwanza na la pili yana majibu mazuri. Watu waliotengana kweli, wote wawili wanajua. Ndugu wanajua, aghalabu kuna maumivu, kuna kugawana vitu, kuna mmoja aliyehama au anayetafuta pa kuhamia. Anaweza kumpigia mzazi mwenzake mbele yako kuhusu ada ya mtoto bila kutoka nje. Kutengana ambako kunajulikana na mmoja tu, na huyo mmoja ni yule anayekutongoza, ni ndoa. Na hata aliyetengana kweli, bila talaka bado ameoa. Hilo ni la kisheria, haliangalii chumba wanacholala.

Dada alitaka tumtafute mkewe tumpigie. Namba isingeshindikana kupatikana. Nilikataa, na sijajuta, ingawa yeye mpaka leo anaona nilikosea. Nilichotaka kujua nilikuwa nimeshakijua, tena kutoka kinywani mwa mwenyewe. Kumpigia mwanamke yule kungekuwa ni kumpelekea aibu yangu aibebe, Jumapili, mbele ya watoto.

Kitu kilichoniuma zaidi hakikuwa yeye. Ni kwamba usiku ule nilifungua daftari tena, nikaongeza safu ya sita: mimi nilikuwa nafanya nini. Nikakuta kwamba nilikuwa nimeacha mazoezi ya jioni kwa sababu yaliangukia saa kumi na moja na nusu. Nilikuwa natoka kazini haraka niwe nimefika mahali penye utulivu kabla hajawasha gari. Wikiendi nilikuwa sipangi kitu, nikisubiri zile dakika tatu za saa tano. Mwanamke nisiyemjua alikuwa anapanga muda wa chakula cha jioni cha familia yake, na maisha yangu yalikuwa yanajipanga kuuzunguka. Tulikuwa tunafuata ratiba moja, yeye na mimi.

Alhamisi nilimwandikia ujumbe mfupi kwamba nimeelewa na kwamba asije tena. Ilikuwa jioni. Ikabaki tiki moja, na nikajua hataiona mpaka asubuhi atakapoingia kwenye gari. Sikukosea sana. Saa 1:34 zikawa mbili, saa 1:35 simu ikaita, ikaita tena saa saba, ikaita saa 11:12 jioni.

Saa 11:12 nilikuwa mazoezini.